Melanoma si saratani ya jua tu: tazama unyayo na kucha

Juzi kwenye daladala la Gongo la Mboto dada mmoja alikuwa akimweleza mwenzake kwamba melanoma ni "ile saratani ya wenye ualbino na wazungu, sisi melanini inatukinga." Mwenzake akaitikia, na abiria wawili nyuma wakaongezea. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, hata kwa watu wanaofanya kazi ya afya kama mimi, nikaona leo niyaandikie.

Maana yenyewe ni fupi. Melanoma ni saratani inayoanzia kwenye chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Chembe hizo kila mtu anazo, mweusi, mweupe na mwenye ualbino. Mwenye ualbino anazo, ila hazitengenezi rangi ya kutosha. Tofauti yetu iko kwenye rangi inayotoka, si kwenye kuwa nazo au kukosa.

Kinachochanganya watu ni jina. Kwa Kigiriki cha kale "melas" ni nyeusi, na "-oma" ni mwisho ambao waganga huuweka kwenye majina ya uvimbe. Ni "melas" hiyohiyo iliyo ndani ya neno melanini, na ndani ya jina Melanesia, visiwa vya watu weusi. Mfaransa Laennec, yule aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina lenye mzizi huo mwanzoni mwa karne ya 19, kwa sababu ya weusi wa uvimbe alioukuta alipopasua maiti. Jina likabaki, nalo limetuletea makosa mawili. La kwanza ni kudhani melanini na melanoma ni maadui, kwamba penye moja nyingine haiingii. La pili ni kutafuta doa jeusi kwenye ngozi nyeupe, kama picha za vitabuni zinavyoonyesha, na tusipoliona tunasema hakuna kitu.

Niseme lililo kweli katika maneno ya yule dada. Melanini hukinga jua, na saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni nadra kwetu. Hizo ndizo zinazowaumiza ndugu zetu wenye ualbino usoni, masikioni na shingoni, lakini nyingi zake si melanoma. Huanzia kwenye chembe nyingine za tabaka la juu la ngozi, na kwao melanoma ni nadra. Basi sentensi yake imekosea pande zote mbili: imewapa wenye ualbino ugonjwa usio wao hasa, na sisi imetuondolea ulio wetu.

Maana melanoma ya mtu mweusi, ingawa ni chache, ina mahali pake. Huanzia zaidi unyayoni, kisha kiganjani na chini ya kucha, pale ambapo ngozi ni nyepesi wa rangi na jua halifiki. Jua si chanzo chake kikuu. Bob Marley, aliyefariki Mei 11, 1981 akiwa na miaka 36, alianza na aina hii chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Watu wengi waliamini ni jeraha la mpira tu.

Hapo kwenye jeraha ndipo tunapopotelea. Nitaeleza habari ya fundi seremala mmoja wa Buguruni, mzee wa miaka hamsini na kitu. Mwezi wa kwanza ubao ulimwangukia mguuni, ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi. Alisema damu imevilia, na kila aliyemwona alikubali. Mwezi wa nne kidole kikaanza kutoa majimaji. Duka la dawa wakasema ni mdudu, akapewa vidonge, kisha dawa ya fangasi ya kupaka. Alipofika kwetu mwezi wa nane, swali la kwanza lilikuwa rahisi: ule weusi umesogea?

Ukucha wa mguu hukua kama milimita 1 hadi 2 kwa mwezi. Damu iliyovilia imeshikana na ukucha, kwa hiyo husafiri nao kwenda mbele, na nyuma yake kwenye mzizi huota ukucha safi. Kwa miezi saba damu ya mzee ingekuwa imefika mbali na mzizi. Weusi wake ulikuwa palepale, umeanzia kwenye mzizi kabisa, tena mpana zaidi nyuma kuliko mbele, kama pembetatu. Maana yake kuna kitu mzizini kinachoendelea kutoa rangi, na kinapanuka. Kisha tukaona jambo la pili: weusi ulikuwa umetoka kwenye ukucha na kupaka ngozi inayouzunguka. Mwingereza Hutchinson alilieleza jambo hili katika karne ya 19, na ugonjwa wenyewe akauita kwa jina ambalo kwa Kiswahili ni mdudu mweusi. Duka la dawa hawakuwa mbali sana. Walikosa neno la pili.

Kukata ncha ya ukucha na kuipeleka maabara kusingesaidia, kwa sababu ugonjwa uko mzizini. Ilibidi daktari aufunue ukucha na kuchukua kipande cha nyama pale rangi inapoanzia. Majibu yalipotoka mzee alikatwa kidole. Mtoki kinenani ulikuwa bado haujavimba, na hilo lilimpa nafasi nzuri kuliko wengi ninaowaona.

Sitaki mtu alale na hofu kwa ajili ya mistari ya kawaida. Wengi wetu tuna michirizi ya kahawia kwenye kucha, na huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Ya kawaida iko kwenye kucha kadhaa, ni myembamba, kingo zake zimenyooka na miaka inapita bila kubadilika. Unaonipa wasiwasi ni ule uliotokea kwenye ukucha mmoja peke yake, hasa wa kidole gumba, ukipita milimita 3, yaani unene wa njiti moja na nusu ya kiberiti, au ukiendelea kupanuka, au ukucha ukipasuka juu yake. Hata hivyo jicho halitoshi kuthibitisha, ni kipande cha nyama tu kinachojibu.

Unyayoni pia wengi tuna madoa ya kahawia yasiyo na neno. Linalostahili kuonyeshwa ni lile linalokua, lenye kingo kama wino uliomwagika kwenye karatasi, kahawia hapa, jeusi pale, kijivu katikati. Baadaye huchimbika kidonda kisichopona, na ndipo huitwa sugu, chunjua, mwiba uliobaki au kidonda cha sukari, na kukatwa kwa wembe nyumbani. Tena nyingine hazina rangi kabisa. Zinakuwa kinyama chekundu kinachotoka damu kikiguswa, na hapo jina la Kigiriki linatudanganya kupita kiasi. Kidonda cha unyayo kilichotunzwa vizuri miezi miwili bila kufunga kinahitaji kuchukuliwa kipande, kiwe cheusi au kisiwe.

Kwa hiyo dada yangu wa Gongo la Mboto, melanini inakukinga na jua, hapo umesema kweli. Unyayo wako ndio haumo kwenye kinga hiyo. Jioni ukiosha miguu, geuza utazame chini na katikati ya vidole, na ukipaka rangi ya kucha, siku ya kuitoa kaa kidogo uziangalie kabla hujapaka nyingine.