Je, wajua kwa nini tiketi iliyokwama huwa haionekani katika shughuli za jana?

«Kila asubuhi nachukua shughuli zangu za jana kwenye Jira, naziandika kama zilivyo, natuma kwa timu. Mbona bado naulizwa nimefikia wapi, na mbona niliandika sina kikwazo ilhali nilikuwa nimekwama?»

Sababu ni kwamba mfumo wa kufuatilia kazi hurekodi miguso: nani kahamisha tiketi, nani katoa maoni, nani kabadilisha lebo. Mwenzako aliye mbali anataka kujua hali, yaani kitu gani sasa kinafanya kazi ambacho juzi hakikufanya, na kitu gani kinamsubiri yeye. Tiketi iliyokwama haiguswi na mtu, kwa hiyo haimo kabisa katika orodha ya jana, na mwandishi anayeitegemea orodha hiyo peke yake ataandika kwa nia njema kabisa kwamba hana kikwazo.

Tuchukue mfano wa mtengenezaji programu anayefanyia kazi nyumbani kwao Ngamiani, Tanga, katika timu ambayo mjaribu wake yuko Mwanza na msimamizi yuko Nairobi. Programu yao hutumiwa na makarani wanaonunua mwani kwa wakulima wa pwani: karani anapima, anaingiza kilo kwenye simu, na mkulima anapata risiti kwa ujumbe mfupi. Jumatano saa 3 asubuhi kijana huyu alituma maneno haya:

> Jana: nilishughulikia MWN-214, MWN-209 na MWN-198. Leo: naendelea na MWN-214. Vikwazo: hakuna.

Hakuna neno la uongo hapo, lakini hakuna la kufanyia kazi pia. Tukiifungua historia ya Jumanne tunakuta kwamba katika MWN-209 alisahihisha kichwa cha habari tu, na MWN-198 aliifunga kwa sababu ilikuwa marudio ya MWN-214. Miguso hiyo miwili haimhusu mtu mwingine yeyote, na inafaa kuachwa bila kusita. Kuiandika ni kumlazimisha mwenzako afungue tiketi mbili ili agundue kwamba hazikumhusu.

Kilichobaki ni MWN-214, na hapo ndipo pa kukaa. Tatizo lake lilikuwa risiti mbili kwa mzigo mmoja: mtandao ukiwa dhaifu, karani alibonyeza Hifadhi, hakuona jibu, akabonyeza tena, na seva ikapokea maombi mawili ikayahesabu kuwa mizigo miwili. Kijana aliifanya simu itoe namba moja kwa kila upimaji, na seva ikatae ombi la pili lenye namba ileile. Jumanne alasiri aliipeleka `In Review`. Katika maoni aliyoyaacha chini ya tiketi mna mambo mawili yenye thamani kuliko jina la hatua: alijaribu mara 20 kwa kukata mtandao katikati na kila mara ikatoka risiti moja, na rekodi 37 zilizokwisha kurudiwa zamani bado hazijasafishwa. Jambo hili la pili ndilo husahaulika zaidi. Msimamizi akisoma kwamba tatizo la risiti mbili limekwisha, atawaambia makarani kwamba hesabu sasa ni safi, na haitakuwa kweli.

Sasa turudi kwenye kikwazo. MWN-221, ya kusajili jina la mtumaji litakaloonekana kwenye ujumbe wa mkulima, imekaa `In Progress` tangu Ijumaa ikingoja idhini ya kampuni ya simu. Jumanne hakuna aliyeigusa. Ili kuipata lazima uulize swali la pili, lililo kinyume cha lile la kwanza la «jana niligusa nini?»: ni kipi kiko mikononi mwangu na jana hakikusogea?

```
assignee = currentUser()
AND statusCategory = "In Progress"
AND updated < startOfDay(-1d)
```

Swali hili hutoa kila tiketi yako inayoendelea ambayo mara ya mwisho kuguswa ilikuwa kabla ya jana kuanza. Mara nyingi hurudisha moja au mbili tu, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili kutangulia kila asubuhi. Lina upungufu wake: mwenzako akiacha maoni ya «vipi hii?» chini ya MWN-221, tarehe ya `updated` husogea na tiketi hutoweka kwenye jibu ingawa bado imekwama palepale.

Kwa maswali hayo mawili, ujumbe wa Jumatano ungekuwa hivi:

> Jana: karani akibonyeza Hifadhi mara mbili sasa hutoka risiti moja (MWN-214, iko In Review). Nimejaribu mara 20 kwa kukata mtandao. Rekodi 37 za zamani bado zimerudiwa.
> Leo: naandika hati ya kuzisafisha hizo 37, sitaiendesha kwenye data halisi kabla MWN-214 haijapitishwa.
> Nimekwama: jina la mtumaji (MWN-221) linasubiri idhini tangu Ijumaa. Msimamizi, naomba uwapigie kabla ya saa 6 mchana.

Mjaribu wa Mwanza anajua afanye jaribio gani, msimamizi anajua ampigie nani na kabla ya saa ngapi, na wote wawili hawakufungua tiketi hata moja. Maneno ya kwanza ya kila mstari yanaeleza jambo lenyewe, na namba ya tiketi inafuata kama anwani kwa anayetaka kwenda kuona.

Limebaki neno «jana», ambalo kwa mtu wa pwani si jepesi. Kazi iliyofanyika saa 7 usiku wa kuamkia Jumatano, wewe waweza kuiita ya jana usiku, lakini Jira hukata siku saa 6 usiku kwa majira yaliyowekwa kwenye wasifu wako, kwa hiyo itaihesabu kuwa ya leo. Utafutaji wa GitHub nao, usipotaja majira, hufuata UTC, ambayo siku yake huanza Tanga ikiwa saa 9 usiku. Kwake kazi ileile ni ya Jumanne. Ndiyo maana mtu anayefanya kazi usiku hukuta shughuli ileile ni ya jana huku na ya leo kule, akaiandika mara mbili au asiiandike kabisa. Kwa GitHub dawa ni kutaja majira waziwazi:

```
is:pr author:@me updated:>=2025-03-11T00:00:00+03:00
```

Katika Jira kuna mtego mwingine. Wengi huandika `updated >= startOfDay(-1d) AND updated < startOfDay()` wakidhani wamepata jana kamili. Lakini `updated` huhifadhi mguso wa mwisho tu, kwa hiyo tiketi uliyoifanyia kazi kutwa jana, ikiguswa na mtu leo saa 2 asubuhi, haimo tena. Historia ya hatua haifutiki kwa namna hiyo:

```
status CHANGED BY currentUser()
AFTER startOfDay(-1d) BEFORE startOfDay()
```

Nayo haioni maoni wala viambatisho, bali uhamisho wa hatua tu, hivyo bado utahitaji kusoma maoni yako mwenyewe, kama yale yaliyobeba zile rekodi 37. Jumatatu badilisha `-1d` iwe `-3d`, la sivyo utaulizia Jumapili, na kazi yote ya Ijumaa itakuwa haipo.