Mashine ya kahawa inatoa mvuke, mbona kahawa ni chachu?

Wiki mbili zilizopita mama mmoja mwenye mgahawa hapa Tabora, karibu na stesheni, aliniletea lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi tangu mashine za plastiki za kudondosha kahawa zianze kuingia madukani. "Fundi," akaniambia, "mashine inafoka mvuke kama treni, lakini kahawa inatoka nyepesi na chachu. Nimeongeza kahawa mpaka naona hasara." Kahawa yenyewe ilikuwa arabika nzuri ya Kalinzi, Kigoma, imekaangwa vizuri na kusagwa siku hiyohiyo. Kosa halikuwa kwenye kahawa. Maji yalikuwa yanaifikia yakiwa yamepoa.

Kahawa ya kuchuja inataka maji ya nyuzi 92 hadi 96 yanapogusana na unga. Uchachu wa kahawa hutoka mapema na kwa urahisi, hata kwa maji ya vuguvugu. Utamu na ule uzito unaobaki mdomoni hutoka baadaye, na vinadai joto. Maji yakiwa ya nyuzi 80 unapata uchachu peke yake, na ukiongeza unga unapata uchachu mwingi zaidi. Ndiyo maana hasara ya yule mama ilikuwa inakua bila kikombe kubadilika.

Ukiifungua mashine ya bei nafuu kwa chini, utakuta jambo linaloshangaza kwa urahisi wake. Hakuna pampu. Kuna bomba la alumini lililopinda kama kwato ya farasi, limeshikana na hita, na juu yake imelala sahani inayopasha jagi. Maji hushuka kutoka kwenye tenki kwa uzito wake, hupita kwenye vali ndogo ya njia moja, na kuingia kwenye hilo bomba. Yakipata moto, mapovu ya mvuke huota kwenye kuta za bomba. Mapovu hayawezi kurudi nyuma kwa sababu ya vali, basi hupanda juu kwenye mpira mwembamba yakisukuma mafungu ya maji mbele yake. Ile sauti ya kukoroma unayoisikia ni hiyo.

Sasa angalia tatizo lilipojificha. Povu huota pale chuma kilipo moto zaidi, wakati maji ya katikati ya bomba bado hayajachemka. Povu likisukuma, linasukuma yote, yaliyoiva na yasiyoiva. Kisha maji hayo hupanda mpira, hupita kwenye mfuniko wa plastiki, hudondoka hewani na kuangukia kapu la kuchujia na unga ambavyo ni baridi. Kila hatua inachukua nyuzi zake. Mvuke unaouona ni kweli, lakini hauthibitishi kitu kuhusu joto la kahawa iliyo ndani ya kapu.

Hapo ndipo pa kupima, ndani ya kapu. Wengi huchovya kipimajoto kwenye jagi, wakasoma nyuzi 80 na kuridhika, kumbe wamepima kazi ya sahani ya chini. Mimi hutumia kipimajoto cha waya kinachochomekwa kwenye mita ya fundi, kwa kuwa ncha yake ni ndogo na inajibu haraka. Naupitisha waya pembeni ya mfuniko, naizamisha ncha katikati ya unga, isiguse karatasi wala plastiki, kisha nafunga mfuniko kabisa. Naandika namba kila nusu dakika mpaka tenki liishe.

Kabla ya hapo kipimajoto chenyewe lazima kipimwe, na hapa watu wa Tabora huchanganywa na maelekezo yaliyoandikiwa watu wa pwani. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukichovya kipimajoto kwenye sufuria inayotokota na kikasoma 96, kiko sawa. Kikisoma 100, kinadanganya, hata kama kitabu cha shule kinasema 100. Kigoma mjini, ziwani, mita 770 na kitu, tegemea nyuzi 97 na nusu hivi. Changu nilikijaribu kwanza jikoni kwa yule mama: kilisoma 97, nikawa natoa moja kwa kila namba.

Mashine yake imeandikwa `220-240V 900W`. Tulitia lita moja ya maji ya bombani. Baada ya nusu dakika tangu tone la kwanza, unga ulikuwa kwenye nyuzi 61. Dakika ya pili 77. Dakika ya nne 82, na haikupita 83 mpaka mwisho. Lita nzima ilichukua dakika 13.

Hiyo dakika 13 ilinifundisha mengi kuliko hata zile nyuzi. Kwa mashine ya namna hii, umeme ukipungua, maji hayapoi sana pale yanapotoka kwenye bomba, kwa sababu bila mapovu hayatoki. Kinachotokea ni kwamba yanatoka polepole, na maji yanayokwenda polepole hupoa zaidi njiani. Hivyo saa ni kipimo hata kwa asiye na kipimajoto. Kupasha lita moja kutoka nyuzi 25 hadi 95 kunadai nishati ya kilojuli 293. Wati 900 zikifanya kazi yote zingemaliza kwa dakika tano na nusu. Ongeza kinachopotea kwenye sahani na plastiki, unafika dakika sita na nusu, saba. Kumi na tatu ni maradufu, maana yake hita haikuwa inawaka muda wote au haikuwa inapata umeme wake. Nilipochunguza, yote mawili yalikuwepo.

Kwanza nilitumia mita ya LUKU. Zima kila kitu ndani isipokuwa mashine ya kahawa, kisha tazama kile kitaa chekundu kinachopepesa. Mita yake imeandikwa `1000 imp/kWh`, yaani kitaa kikipepesa mara elfu, umetumia uniti moja. Hesabu ya haraka kwa mita ya aina hiyo ni:

```
wati = 3600 / sekunde kati ya mpepeso na mpepeso
```

Nilihesabu mipepeso kumi kwa sekunde 48, yaani sekunde 4.8 kwa mmoja, wati 750. Lakini baada ya dakika tatu kitaa kikanyamaza. Nikasubiri karibu nusu dakika kikaanza tena, kisha kikanyamaza tena, na maji bado yalikuwa tele kwenye tenki. Thamostati ilikuwa inakata katikati ya kazi.

Thamostati ni kile kidude cha mviringo kilichobanwa kwenye bomba la alumini. Kazi yake ni kukata umeme chuma kikipanda joto kupita kiasi, jambo ambalo kwa kawaida hutokea maji yakishaisha. Kwa nini ikate wakati maji yapo? Kwa sababu ndani ya bomba kulikuwa na ukoko wa chokaa. Kwa muda mrefu mgahawa ulikuwa ukitumia maji ya kisima, na mengi ya visima vyetu yana chumvi. Ukoko unazuia joto lisiingie kwenye maji, chuma kinapata moto kuliko inavyotakiwa, thamostati inatimiza wajibu wake, na kahawa inapoa. Mafundi wengine hapo huing'oa thamostati na kuunga waya moja kwa moja. Tafadhali, usifanye hivyo, wala usiguse fyuzi ya joto iliyo jirani yake. Mashine ni ya plastiki na itawaka moto siku tenki likikauka na hakuna mtu karibu. Badilisha thamostati pale tu inapoendelea kukata baada ya bomba kusafishwa, na uweke yenye namba ileile iliyochongwa mgongoni mwake.

Kusafisha ni kazi ya saa moja. Nilitumia asidi ya sitriki, zile chenga nyeupe chachu wanazouza kwa watengeneza juisi, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji. Unawasha, nusu ya maji ikipita unazima na kuacha nusu saa, kisha unamalizia. Jagi lilijaa vipande vyeupe kama maganda ya yai. Tulirudia, halafu tukasuuza kwa matenki mawili ya maji matupu. Tulipopima tena, thamostati haikukata. Dakika tisa, na unga ukafika nyuzi 86.

Bado haikutosha. Nikashika plagi ya ekstensheni iliyokuwa inaipa mashine umeme, nikaikuta ya moto. Volti ukutani zilikuwa 221, lakini mwisho wa ekstensheni, mashine ikiwa inafanya kazi, zilikuwa 198. Nguvu ya hita hushuka haraka kuliko volti: kwa volti 198 hita ya wati 900 inabaki na 670 hivi, na wati 80 nyingine zilikuwa zinachoma plagi. Ndiyo maana LUKU ilisoma 750. Ekstensheni ile niliikata pale pale isije ikatumiwa na mwingine. Tukahamishia mashine kwenye soketi ya ukutani: dakika saba na kidogo, nyuzi 88.

Zilizobaki tulizipata bila bisibisi. Kwanza, mama sasa anapitisha maji matupu, vikombe viwili, kapu likiwa na karatasi bila kahawa. Anayamwaga, anatia unga, anawasha palepale. Kapu na mpira vinakuwa vimeshapata moto. Pili, anatia tenkini maji ya nyuzi 40, anayochanganya kutoka kwenye chupa ya chai. Kwa hayo mawili, dakika ya kwanza ilisoma 84 badala ya sitini na kitu, na kuanzia dakika ya pili ilitulia kwenye 90 na 91. Lita ikashuka kwa dakika tano.

Asikushawishi mtu kutia maji ya moto zaidi ya hapo. Nimejaribu ya nyuzi 60: yanakimbia mno, kapu linafurika, unga unaelea na kahawa inatoka nyepesi kwa sababu nyingine kabisa. Tena matenki mengi hayakutengenezwa kwa maji ya moto.

Na kuna mashine ambazo hazitafika. Zile ndogo za wati 600 au chini ya hapo nimezisafisha, nimezipa umeme mzuri, nikaishia 85. Kwa hizo nasaga kahawa laini kidogo ili ikae na maji muda mrefu zaidi, na sipiki nusu tenki kamwe, maana nusu tenki huisha mashine ikiwa ndiyo kwanza inapata joto. Kahawa iliyokaangwa sana huvumilia hali hiyo. Iliyokaangwa kidogo haivumilii.

Mteja mwenye mashine ya namna hiyo namwambia achemshe maji kwenye birika, afungue mfuniko, amimine mwenyewe juu ya unga kwa mizunguko ya polepole. Hapa Tabora hana haja ya kusubiri birika lipoe. Likitokota tu, ni nyuzi 96.