Uko Igogo, bodaboda kaenda Igoma: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukimpigia bodaboda simu aje kukuchukua, ukitaja mtaa polepole na kwa sauti, hata dereva ambaye Kiswahili chake ni cha kuungaunga atafika.

Ukweli: Kinachopotea simuni ni silabi ya mwisho, na kupaza sauti hakuirudishi. Mwanza kuna Igogo na kuna Igoma. Igogo iko jirani na mjini, upande wa barabara ya Kenyatta kuelekea Mkuyuni. Igoma iko mbali mashariki, ukishapita Mabatini, Buzuruga na Nyakato, njia ya Musoma. Dereva aliyetoka juzi kijijini, anayezungumza Kisukuma tu, akisikia "Igo..." upepo ukivuma, anachagua mwenyewe.

Dawa ni jina la pili: "Igogo, njia ya Mkuyuni." Sentensi ndefu za Kiswahili zitampita, lakini majina ya mahali hayana tafsiri. Akirudia "Kilumba" badala ya Kirumba, mwache. Kisukuma hakina "r", na mahali ni palepale.

Dhana: Akijibu "ndiyo, sawa", ameelewa.

Ukweli: Mara nyingi maana yake ni "nakusikia, endelea". Usimuulize "umeelewa?" wala "unapajua?", maana yote hujibiwa kwa ndiyo. Muulize, "Kaka, unapita wapi?" Akisema Mabatini, anakwenda Igoma, mzuie hapohapo kabla hajawasha pikipiki. Akisema njia ya Mkuyuni, mwache aje. Swali hilo moja linafaa kuliko kurudia maelezo mara tatu.

Dhana: Kulia na kushoto zinatosha.

Ukweli: Kulia kwako ukiwa umesimama getini ni kushoto kwake akitokea upande wa pili, na kwa asiyejua lugha vizuri maneno hayo mawili ndiyo ya kwanza kuchanganyika. Tumia vitu ambavyo havigeuki anapogeuka: upande wa ziwa, upande wa mlima. Akitoka mjini kwa barabara ya Makongoro kwenda uwanja wa ndege, ziwa liko kushoto kwake. Akirudi liko kulia, lakini ni ziwa lilelile. Hapo Capri Point mbinu hii inagoma, kwa kuwa ni rasi na maji yamezunguka pande karibu zote. Taja jengo au mti.

Na kwa nyumba za juu maweni, mwelekeze pale pikipiki inapoishia, siyo mlangoni. Ngazi za mawe utashuka mwenyewe.

Dhana: Tuma lokesheni, yaishe.

Ukweli: Kama ana kitochi, haifunguki. Tuma meseji ya kawaida yenye maneno matatu tu: IGOGO NJIA MKUYUNI. Hata kama hasomi vizuri, ataonyesha wenzake.

Ukiona bado mnazungushana, mwambie, "Mpe simu mwenzako." Kijiweni hakosekani anayejua lugha zote mbili. Mweleze huyo, naye amfafanulie mwenzake kwa Kisukuma, kisha simu irudi kwa dereva na umuulize tena anapita wapi.