Taa ya Mkanda Inamlinda Abiria, Si Mabawa

"Ndege ikianza kutikisika na taa ya mkanda kuwaka, nahisi mabawa yatakatika. Rubani ameona hatari gani?"

Mabawa yameundwa yapinde, kama tawi linavyoinama upepo ukivuma. Ukiyaona yakipanda na kushuka, yanafanya kazi yake. Mwaka 1995 kampuni ya Boeing iliyapinda kwa makusudi mabawa ya ndege ya majaribio ya 777 hadi yakavunjika. Yalistahimili asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa ndege ikiwa kazini.

Taa ile kwa kawaida haimaanishi kuna hitilafu. Mara nyingi rubani ameona wingu zito kwenye rada, au marubani waliotangulia wametoa taarifa kwamba hewa imechafuka. Anayelindwa ni wewe: ndege ikishuka ghafla, asiyefunga mkanda hubaki juu na kichwa chake hugonga dari. Wengi wanaoumia kwenye msukosuko huumia hivyo, huku ndege yenyewe ikiwa salama. Na kwa kuwa rada haioni msukosuko wa anga isiyo na mawingu, tafadhali uache mkanda umefungwa hata taa ikizimika, na mkanda huo ukae chini kwenye nyonga, si tumboni.