Kilo 38 zilizopotea kati ya mizani mbili

Kwenye kituo kimoja cha kukusanyia parachichi karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe, mama mmoja aliniwekea daftari lake mezani huku simu iko mkono wa pili. "Mwanangu, mimi nimeandika 496, meseji yenu inasema 458. Hizo 38 mmezila nyinyi?" Karani akamfungulia mizigo yake kwenye kompyuta, mstari kwa mstari. Yote ilikuwapo, hata ule wa kilo 38. Kilichokosewa ni jumla peke yake.

Mfumo ule niliutengeneza mimi, kwa hifadhidata ya PostgreSQL, kwa hiyo sikuwa na wa kumsukumia lawama. Una majedwali mawili yanayohusika hapa: `mizigo`, ambalo hupata mstari mpya kila kreti zikipimwa, na `wakulima`, lenye safu ya `jumla_kilo`. Safu hiyo ni nakala tu ya hesabu inayoweza kupigwa wakati wowote kutoka kwenye mizigo. Mwanzoni programu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiiongeza. Karani mkuu akiingia moja kwa moja kwenye jedwali kurekebisha kilo zilizokosewa, jumla ilibaki na namba ya zamani. Ndipo nikaihamishia kazi hiyo kwenye triga, yaani kipande cha msimbo kinachokaa ndani ya hifadhidata na kujiendesha kila mstari unapoingizwa, kubadilishwa au kufutwa.

Nikajiona mjanja. Badala ya kuiambia triga iongeze au ipunguze, nikaiagiza ihesabu yote upya kila mara. Niliamini kwamba mwenye kuhesabu upya hawezi kukosea. Sehemu ya kuingiza ilikuwa hivi:

```sql
UPDATE wakulima
SET jumla_kilo = (
  SELECT COALESCE(SUM(kilo), 0)
  FROM mizigo
  WHERE mkulima_id = NEW.mkulima_id)
WHERE id = NEW.mkulima_id;
```

Kituo kina mizani mbili. Mkulima akija na mzigo mkubwa, kreti zake hugawanywa ili asikae foleni, na makarani wawili wanaandika kwa namba yake ileile karibu kwa wakati mmoja. Siku ile mama alikuwa na kilo 412 tayari. Karani wa kwanza akaingiza 38, triga ikajumlisha ikapata 450, lakini muamala wake, yaani lile fungu la amri zinazokubaliwa zote pamoja au kukataliwa zote, haukufungwa papo hapo. Kabla haujafungwa, karani wa pili akaingiza 46.

Muamala wa pili hauwezi kuona mstari ambao wa kwanza haujaukamilisha, na ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo ukajumlisha 412 na 46, ukapata 458. Ulipotaka kuandika jibu ukaukuta mstari wa mama umefungwa kufuli na mwenzake, ukasubiri. Wa kwanza ukakamilika na 450 yake. Wa pili ukaachiwa, ukasoma upya mstari wa `wakulima`, lakini `SUM` ikabaki ile ya picha ya data iliyopigwa amri ilipoanza. Ikaandikwa 458. Kufuli lilifanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba hesabu ilipigwa kabla ya kulishika.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, fungua madirisha mawili ya `psql`, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL. Kwenye la kwanza andika `BEGIN`, ingiza mstari, usiufunge muamala. Kwenye la pili ingiza mstari wa mkulima huyohuyo, litaganda. Rudi la kwanza uandike `COMMIT`, kisha soma jumla.

Kosa hili lilinichelewesha kulinasa kwa sababu linajiponya. Mama akileta mzigo mwingine kesho, triga inahesabu yote upya na jumla inakuwa sahihi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinachobaki kimeharibika ni jumla ya mkulima ambaye mgongano ulimkuta kwenye mzigo wake wa mwisho. Hiyo ni alama nzuri ya kutofautishia: jumla inayopotoka kisha ikanyooka yenyewe inatoka kwenye mfumo unaohesabu upya, na inayobaki imepotoka kwa kiasi kilekile siku hadi siku inatoka kwenye mfumo unaoongeza na kupunguza. Nami nilikuwa nimeupanua mwanya bila kujua, maana programu ilituma meseji kwa mkulima kabla ya kufunga muamala. Mtandao ukisuasua, na kule mvua ikishika huwa unasuasua kweli, kufuli linakaa sekunde kadhaa.

Dawa ni kushika kufuli kwanza, kwa amri yake ya peke yake, ndipo uhesabu:

```sql
PERFORM 1 FROM wakulima
WHERE id = NEW.mkulima_id
FOR NO KEY UPDATE;
```

Kwa kiwango cha kawaida cha PostgreSQL cha kutenganisha miamala, `READ COMMITTED`, kila amri ndani ya triga ya namna hii hupiga picha yake mpya. Kwa hiyo `UPDATE` inayofuata itauona mstari wa mwenzake. Wengi huandika `FOR UPDATE` tu, na mimi nilianza hivyo. Kama `mizigo` imefungamanishwa na `wakulima` kwa ufunguo wa kigeni, yaani sharti kwamba kila mzigo uwe wa mkulima aliyepo, kuingiza mstari tayari huweka kufuli jepesi kwa mkulima, na `FOR UPDATE` inagombana nalo. Makarani wawili wakigongana vizuri, kila mmoja anamsubiri mwenzake na mmoja anatupiwa `deadlock detected`. `FOR NO KEY UPDATE` haina ugomvi huo.

Njia ya kuongeza, `jumla_kilo = jumla_kilo + NEW.kilo`, haina mwanya huu kabisa, kwa sababu baada ya kusubiri PostgreSQL huifanya juu ya thamani mpya ya mstari. Bei yake iko kwingine: lazima ushughulikie mstari unaohamishwa kutoka mkulima mmoja kwenda mwingine, umpunguzie wa zamani na kumwongezea mpya. Na siku mtu akitumia `TRUNCATE`, ambayo humwaga jedwali zima bila kuamsha triga za mstari mmojammoja, au akizima triga ili kurudisha data haraka, pengo linabaki milele. Kwa njia hiyo sharti uwe na ukaguzi wa kila usiku unaolinganisha jumla na mizigo.

Mwisho wa yote niliifuta safu yenyewe. Nilikuwa nimeiweka kwa hofu ya ucheleweshaji ambao sikuwahi kuupima. Mkulima mmoja hafikishi hata mistari mia tatu kwa msimu. Ukiwa na faharasa kwenye `mkulima_id` inayobeba na `kilo`, kujumlisha mistari hiyo ni suala la milisekunde. Meseji sasa inahesabu wakati wa kutumwa, baada ya muamala kufungwa.

Jumla iliyohifadhiwa nimeibakiza mahali pamoja tu, kwenye skrini ya meneja inayoonyesha kilo zote za kituo tangu msimu uanze. Pale triga ingewafanya makarani wote wagombanie mstari mmoja. Badala yake, jioni mizani zikifungwa, jumla ya siku huandikwa mara moja kwenye `siku_zilizofungwa`, na skrini hujumlisha siku hizo pamoja na mizigo ya leo tu. Siku iliyofungwa haiguswi. Kosa la juzi likigundulika leo, karani anaingiza mstari wa leo wenye kilo hasi na sababu yake. Karani mkuu alinuna wiki nzima kunyang'anywa ruhusa ya kuhariri. Mama wa Rungwe yeye aliomba tu meseji iwe inaorodhesha kila upimaji, aulinganishe na daftari lake, na sasa inafanya hivyo.