Asilimia 40 kwenye taarifa yako ya 401(k) si ya salio lote

Kuhusu 401(k), ule mpango wa akiba ya uzeeni wa kazini Marekani, kuna lawama moja nimeshachoka kuisikia, na wiki hii imenifikia tena: "Kaka, wameandika haki yangu ni asilimia 40, kwa hiyo pensheni yangu Wamarekani wameshakula asilimia 60." Anayeniandikia anafunga virago kurudi nyumbani, na hasira anazo. Yeye angalau amekosea kwa kujipunja. Wengi hukosea upande wa pili: wanasoma mstari wa Total Balance, yaani salio lote, wanawapigia ndugu simu, na kiwanja kinaanza kutafutwa.

Vested Balance ni ile pesa ambayo ukiacha kazi leo hakuna mwenye uwezo wa kukunyang'anya. Sasa, pesa iliyomo kwenye 401(k) ina vyanzo viwili. Kuna iliyokatwa kwenye mshahara wako, na kuna aliyoongeza mwajiri. Ya kwanza ni yako asilimia 100 tangu siku ilipokatwa, pamoja na faida yake, na hakuna mpango wowote unaoruhusiwa kuigusa. Masharti ya kukaa miaka yanahusu ya mwajiri tu. Ile 40 iliyomkasirisha mwenzetu imeandikwa kwenye mstari wa Employer Match, yaani pesa aliyoongeza mwajiri. Mstari wa juu yake, wenye pesa yake mwenyewe, unasema 100, lakini huo hakuna aliyeupiga picha kunitumia!

Tuchukue mfano wa mtu wa ghalani aliyeanza kazi Juni 1, 2023, analipwa dola 800 kwa wiki, anakatwa asilimia 6, na mwajiri anaongeza nusu ya hiyo. Kufikia mwisho wa Machi 2026 upande wake una dola 8,400, na upande wa mwajiri una 4,200. Jumla ni 12,600. Akipiga 40 mara jumla, anapata 5,040 na analia. Hesabu yenyewe ni hii: 8,400 zote, ujumlishe asilimia 40 ya 4,200, yaani 1,680. Vested Balance yake ni dola 10,080. Baadhi ya taarifa humwekea chini kabisa asilimia ya jumla, na hapo ataona 80. Kwa hiyo karatasi moja inaweza kuwa na 100, 40 na 80, zote zikiwa sahihi, kila moja kwenye mstari wake.

Kabla sijasonga, neno moja kuhusu mstari wa Contributions, maana nao unatisha watu bure. Huyu wa ghalani ataona hapo dola 624 na kuuliza nyingine zimeenda wapi. Hizo ni za kipindi cha taarifa tu, Januari hadi Machi: wiki 13, dola 48 kila wiki. Angalia tarehe zilizo juu ya safu. Ukiongeza michango yote tangu aanze utapata kama 7,100, na kinachobaki hadi 8,400 ni faida ya uwekezaji. Mchango na salio si lazima vilingane, na soko likianguka salio linaweza kuwa chini ya mchango.

Sasa nije kwenye linaloniudhi kweli, nalo ni jinsi miaka inavyohesabiwa. Sheria inampa mwajiri nafasi ya kuchagua. Anaweza kukupa haki yote mara moja, na ipo mipango ambayo sheria inaidai hivyo. Anaweza kukupa sifuri mpaka mwaka wa 3, kisha yote kwa mkupuo. Au anaweza kwenda kwa ngazi: asilimia 20 ukimaliza miaka 2, halafu 40, 60, 80, na 100 ukimaliza miaka 6. Anaruhusiwa kuwa mpole kuliko hapo, si mkali zaidi. Hilo watu wanalielewa haraka. Wasicholielewa ni kwamba "mwaka" kwenye mipango mingi si miezi 12 tangu uajiriwe. Ni mwaka wa mpango, mara nyingi Januari hadi Desemba, ambao ndani yake umefikisha saa 1,000.

Mrudie mtu wetu. Kwa kalenda ya ukutani, Aprili 2026 hajafikisha hata miaka 3. Lakini kati ya Juni na Desemba 2023 alifanya wiki 30 za saa 40, yaani saa 1,200, basi 2023 inahesabika mwaka mzima. Ongeza 2024 na 2025, anayo 3, ndiyo maana yuko kwenye 40. Na hapa ndipo tiketi ya ndege inapogeuka kuwa suala la pensheni: akiondoka mwisho wa Aprili atakuwa na saa kama 680 za mwaka 2026, na mwaka huo hauhesabiki. Akikaa hadi siku za mwisho za Juni anafikisha saa 1,000, anapanda hadi asilimia 60, na Vested Balance inakuwa 10,920 hata salio lisipoongezeka senti. Tofauti ni dola 840. Saa za likizo yenye malipo nazo kwa kawaida huingia.

Je, 840 zinatosha kumfanya mtu akae miezi miwili zaidi? Sijui, na sipendi kujibu. Mwenye mama mgonjwa nyumbani aondoke. Ila ajue anaacha nini.

Ipo pia mipango isiyohesabu saa, inayohesabu muda tangu siku ya kuajiriwa. Kwa mpango wa aina hiyo mtu huyu huyu angekuwa na miaka 2 na asilimia 20. Jibu limo kwenye hati iitwayo Summary Plan Description, na ukiiomba kwa maandishi msimamizi wa mpango analazimika kukupa. Isome, kwa sababu asilimia iliyochapwa kwenye taarifa mimi siiamini sana. Inategemea saa ambazo ofisi ya mishahara imetuma kwa kampuni inayotunza kumbukumbu, na nimeshaona asilimia ikibaki nyuma mwaka mzima. Linganisha na stabu zako za mshahara kabla hujaaga.

Ile sehemu isiyokuwa yako haifutwi siku unayokabidhi funguo. Kwa kawaida hupotea ukichukua salio lako, au zikipita miaka 5 mfululizo hujarudi kazini hapo. Anayefikiria kurejea kwa mwajiri yule yule asikimbilie kutoa pesa.

La mwisho ni kodi, nalipitia mbio. Vested Balance haijakatwa kodi kama michango yako ilikatwa kabla ya kodi. Asiye raia wala mwenye grini kadi, akishahamia Kenya, Tanzania au Uganda, hujaza W-8BEN, fomu ya kuthibitisha kwamba kikodi yeye si mkazi wa Marekani, na hukatwa asilimia 30, kwa kuwa nchi hizo hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Kwenye 10,080 inatoka 3,024. Sehemu ya kodi hiyo inaweza kurudi akijaza 1040-NR, ritani ya kodi ya wasio wakazi, ingawa aliye chini ya umri wa miaka 59 na nusu hudaiwa humo humo asilimia 10 ya kutoa mapema, isipokuwa aliyeacha kazi hiyo katika mwaka aliotimiza 55 au baadaye. Mwenye grini kadi ambaye hajairudisha rasmi anahesabiwa kikodi kama mkazi wa Marekani hata akiwa amelala kijijini kwao, kwa hiyo W-8BEN asiiguse.