Upendeleo wa kufanana katika usaili wa kazi

Upendeleo usio wa makusudi katika ajira ni hali ya msaili kumpandisha au kumshusha mwombaji kwa sababu isiyohusu kazi, bila mwenyewe kutambua kwamba ndivyo anavyofanya. Aina yake iliyo ngumu zaidi kuikamata ni upendeleo wa kufanana, yaani kumwona mtu anayefaa kwa kuwa mmesoma shule moja, mmekulia mtaa mmoja au mnazungumza kwa namna moja. Isichanganywe na kujuana. Anayemwingiza shemeji yake kazini anajua alichofanya, lakini mwenye upendeleo wa kufanana yuko tayari kuapa kwamba amemchagua aliye bora, na kwa kadiri ajuavyo hasemi uongo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wakala wa forodha mjini Tanga anatafuta karani wa nyaraka za mizigo, na mwenyekiti wa jopo la usaili amekulia Ngamiani na kusoma Galanos. Msailiwa wa kwanza naye amesoma Galanos, kwa hiyo dakika kumi za mwanzo zinakwenda kwa kukumbushana walimu, na anapoulizwa swali la kazi tayari ametulia kama aliye nyumbani. Anaposahau hatua moja ya kutoa kontena bandarini, mwenyekiti anamdokezea. Wa pili ametoka Kigoma, ambako amefanya kazi ya nyaraka bandarini kwa miaka minne. Hapewi maongezi ya kumchangamsha, anajibu kwa ufupi, na anaponyamaza kidogo ili afikiri, ukimya wake unahesabiwa kuwa ni kutojua. Hapa ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe, kwa sababu ukarimu wa msaili umemfanya wa kwanza ajibu vizuri zaidi, na jopo likitazama nyuma linaona ushahidi ambao limeutengeneza lenyewe. Mwenyekiti anampa wa kwanza 9 kati ya 10, na wa pili 6.

Dalili huonekana katika fomu ya alama. Sababu zikiwa ni “anajiamini”, “ataendana nasi” au “ana mwelekeo mzuri”, muulize aliyeziandika ni jibu lipi hasa lililomwonyesha hivyo. Akishindwa kulitaja, au akitaja jambo lililosemwa nje ya maswali ya kazi, alama hiyo haina msingi. Neno “kuendana” ndilo ninalolitilia shaka kuliko yote, kwa kuwa mara nyingi halina maana zaidi ya kufanana.

Kumwambia msaili ajihadhari hakutoshi, maana hawezi kujihadhari na asichokiona. Kinachosaidia ni kubadili utaratibu. Jopo litunge maswali manne kutokana na kazi yenyewe, liwaulize wote kwa mpangilio uleule, na kabla ya usaili liandike jibu la alama 1, la 3 na la 5 linavyokuwa. Kama ni ruhusa kumdokezea mtu, kila mmoja adokezewe kwa maneno yaleyale. Kila msaili aandike alama mara swali linapokwisha, peke yake, na mwenyekiti awe wa mwisho kusema, kwa kuwa akitangulia wengine humfuata. Liongezwe jaribio la kazi: mwombaji apewe ankara inayosema katoni 240 na orodha ya mzigo inayosema 204, aambiwe azikague kabla ya kuziwasilisha. Anayeiona tofauti na kueleza atamuuliza nani apate 5. Anayeiona bila kujua la kufanya apate 3. Asiyeiona apate 1.

Katika mfano wetu, utaratibu huu ukifuatwa, wa kwanza anapata 3, 2, 3 na 2 katika maswali, na 1 katika jaribio, jumla 11 kati ya 25. Wa pili anapata 4, 4, 3, 4 na 5, jumla 20. Tofauti hiyo ilikuwapo tangu mwanzo, ila maongezi ya Galanos yaliifunika.

Kuficha majina kwenye barua za maombi husaidia wakati wa kuchuja tu, na wasifu wenye jina la shule na anwani bado hueleza mengi. Usoni pa jopo hakuna kinachofichika. Tena, utaratibu huu hauponyi maswali mabaya. Jopo likiuliza mambo yanayojulikana na aliyewahi kufanya kazi bandari ya Tanga pekee, ilhali yanafundishika katika wiki moja, upendeleo utakuwa umehamia ndani ya maswali yenyewe na kuvaa vazi la alama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na miongoni mwa misingi inayoitaja ni kabila na mahali mtu alikotoka. Kwa hiyo fomu za alama zihifadhiwe pamoja na maswali yaliyoulizwa, kwani mwombaji akilalamika, jopo litatakiwa kuonyesha kwamba alipimwa kwa kazi.